Kufikia kompyuta ya hesabu za duka ukiwa nyumbani

Usifungue mlango namba 3389 kwenye ruta ya duka, hata fundi akisema ndiyo njia ya haraka. Mlango huo wa Remote Desktop ukionekana kwenye intaneti, programu za wezi hujaribu nywila usiku na mchana. Dalili iko kwenye Event Viewer, sehemu ya Security: mistari mingi yenye namba 4625, yaani majaribio ya kuingia yaliyoshindikana.

Badala yake, weka Tailscale kwenye kompyuta ya duka na kwenye laptopu yako. Kila moja itapata anwani inayoanza na 100, na mawasiliano yatapita kwa usimbaji kati ya vifaa ulivyosajili. Kisha, kwenye ngome ya Windows, ruhusu Remote Desktop kutoka 100.64.0.0/10 pekee. Kompyuta ya duka iwe na Windows Pro. Toleo la Home halikubali kuingiwa kwa njia hii.

Mhasibu wa mwisho wa mwezi mpe akaunti yake, isiyo ya msimamizi, uiingize katika kundi la Remote Desktop Users, na uizime akimaliza. Mkitumia akaunti moja, hutajua nani alifuta ankara.

Jioni, toa nakala rudufu kwa amri ya programu yenyewe ya hesabu, kwa sababu faili lililonakiliwa likiwa wazi huweza kuharibika. Ihifadhi kwenye diski ya nje, kisha uichomoe: virusi vinavyofunga mafaili ili kudai fidia hufikia pia diski iliyochomekwa. Kila mwezi fungua nakala kwenye laptopu, ulinganishe salio lake la fedha taslimu na ripoti ya siku hiyohiyo.