Nafsi na Njeo katika Barua Pepe ya Kuomba Kazi

Katika masomo yaliyotangulia tulichambua kitenzi cha Kiswahili kiambishi kwa kiambishi. Sasa tutakitazama kikiwa kazini, katika barua pepe fupi inayotangulia wasifu wa mwombaji wa kazi ya ngazi ya kwanza. Mwombaji tunayemkusudia hajawahi kuajiriwa. Ameshika daftari katika duka la mama yake na amejitolea Jumamosi katika maktaba ya mtaa. Yeye hana cheo cha kutaja wala hati ya mshahara ya kuonyesha. Kwa hiyo msomaji wa barua yake hana budi kuutafuta ushahidi katika vitenzi: nani alitenda, lini, na alitenda nini hasa.

Ni kweli kwamba maombi mengi ya kazi mjini Kampala huandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na wanaoshughulika na mizigo itokayo Mombasa na Dar es Salaam hukihitaji kila siku, maana madereva na mawakala wa huko hukitumia. Mfano wetu basi ni ombi la kazi ya karani msaidizi wa ghala katika kampuni ya usafirishaji. Tumeutunga kwa ajili ya somo hili, lakini kila mwalimu aliyewahi kusahihisha barua za namna hii atayatambua makosa yake.

Rasimu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Mpendwa Bwana au Bibi, natumai hujambo. Ijapokuwa sina uzoefu wa kazi rasmi, mimi ni kijana mchapakazi. Nimewahi kusaidia kuuza katika duka letu la familia lililoko Kikuubo, ambapo huuzwa sukari, sabuni na mafuta ya kupikia. Mizigo hupokelewa kila wiki na hesabu huwekwa vizuri. Pia nimejitolea kusaidia kupanga vitabu katika maktaba ya jamii. Ningependa kupewa nafasi. Tafadhali tazama kiambatisho."

Kisarufi hakuna sentensi iliyovunjika hapo. Mwalimu anayesahihisha kwa kalamu nyekundu peke yake angeipa alama nzuri. Lakini meneja wa ghala akimaliza kuisoma hajui kama mwandishi amewahi kuhesabu gunia hata moja. Tuone sababu.

Tuanze na "nimewahi kusaidia kuuza". Vitenzi ni vitatu, ila kimoja tu, "nimewahi", ndicho chenye kiambishi cha nafsi na kiambishi cha njeo. Viwili vilivyobaki ni vitenzi jina, navyo, kama tulivyoona, havibebi nafsi wala njeo. Sasa jiulize: katika vitatu hivyo, ni kipi kinachotaja kazi yenyewe? Ni "kuuza", ambacho kimewekwa mwisho kabisa, mahali pasipo mtendaji wala wakati. Kinachothibitishwa na sarufi ni kuwahi, si kuuza. Hali ni hiyohiyo katika "nimejitolea kusaidia kupanga vitabu". Njeo imekaa juu ya kujitolea. Mtu anaweza kujitolea kupanga vitabu asivipange, na sentensi ikabaki kuwa ya kweli.

Hili ndilo kosa kubwa la barua hizi, na chanzo chake hueleweka. Mtoto wa mwenye duka amezoea kusema anasaidia, kwa kuwa adabu ya nyumbani humzuia kuita kazi ya mama yake kazi yake mwenyewe. Adabu hiyo tusiibeze. Tumfundishe tu kwamba heshima kwa mama inaweza kuwekwa mahali pengine katika sentensi, kwa mfano "katika duka la jumla la mama yangu, chini ya usimamizi wake", ili kitenzi cha kazi kibaki huru kuchukua nafsi yake: "nilipokea", "nilihesabu", "niliorodhesha".

Kosa la pili ni hu- ya mazoea, hasa inapoungana na kauli ya kutendwa. Kiambishi hu- hakiandamani na kiambishi cha nafsi. Mimi huuza, wao huuza, na kitenzi ni kilekile. Kauli ya kutendwa nayo humruhusu mtendaji kuachwa bila kutajwa. Katika "mizigo hupokelewa" na "hesabu huwekwa", mtendaji amefutwa mara mbili. Umbo hili lafaa sana katika maelezo ya jumla ya jinsi duka linavyoendeshwa, na sisi wenyewe tunalitumia katika kitabu hiki karibu kila ukurasa. Katika ombi la kazi humwondoa mwombaji katika kazi yake mwenyewe. Nafsi ya kwanza wingi hufanya vivyo hivyo kwa njia ya upole zaidi: "tulipokea mizigo" haisemi kama mwandishi alihesabu au alisimama mlangoni.

Tatu ni njeo. Hali timilifu ya -me- huonyesha kwamba tokeo la tendo lipo hadi sasa, lakini haisemi tendo lilitukia lini. "Nimejitolea" yaweza kuwa jana au miaka sita iliyopita. Wanafunzi wanaozungumza Kiganda wanahitaji uangalifu wa ziada hapa. Kiganda hutenga wakati uliopita wa karibu, kama katika nnakoze, na uliopita wa mbali, kama katika nnakola. Kiambishi -li- cha Kiswahili hubeba zote mbili. Anayefikiri kwa Kiganda huenda akaona kitenzi kimekwisha kuueleza wakati, kumbe katika Kiswahili wakati huo wapaswa kutajwa kwa maneno: "kuanzia Januari 2021 hadi Desemba 2023".

Kuhusu "ijapokuwa sina uzoefu wa kazi rasmi", inatosha kusema kwamba kishazi cha namna hiyo kikitangulizwa, msomaji hulipokea pengo kabla hajaonyeshwa kitu cho chote. Tena kinakanusha kupita kiasi. Nayo "ningependa kupewa nafasi" ina -nge- isiyo na sharti lo lote linaloifuata. Katika mazungumzo ni adabu, wala hatuikatazi. Katika barua ambayo kazi yake pekee ni kuomba, "ninaomba" ni adabu ya kutosha na ina uhakika.

Kabla ya kuandika upya, mwalimu hana budi kumhoji mwanafunzi. Haya si makosa ambayo msahihishaji anaweza kuyarekebisha peke yake, kwa sababu habari inayokosekana haimo katika karatasi. Akijaza nafsi na tarehe kwa kubahatisha, atakuwa ameghushi. Maswali ni mepesi: Ni nani aliyehesabu mzigo ulipofika? Ulihesabu nini, ukalinganisha na nini? Ulianza mwezi gani? Siku hesabu ilipokataa ulifanya nini? Swali hili la mwisho huleta jibu bora kuliko yote, kwa kuwa aliyefanya kazi kweli hukumbuka siku hesabu ilipokataa.

Baada ya mahojiano hayo barua ikawa hivi:

"Yah: Maombi ya kazi ya karani msaidizi wa ghala

Kwa Meneja wa Ghala,

Ninaomba kazi ya karani msaidizi wa ghala mliyoitangaza tarehe 3 Machi.

Kuanzia Januari 2021 hadi Desemba 2023 nilishika daftari la bidhaa katika duka la jumla la mama yangu, Kikuubo, chini ya usimamizi wake. Kila Jumatatu nilikuwa nikipokea mzigo, nikihesabu magunia na katoni, na kuilinganisha idadi na ankara. Mwezi Agosti 2022 niligundua kwamba magunia 4 ya sukari yaliyoandikwa katika ankara hayakufika. Nilimpelekea msambazaji orodha siku ileile, naye akayaleta wiki iliyofuata. Mwaka huohuo nilianza kutoa risiti za EFRIS. Sikuwa na mamlaka ya kuidhinisha malipo.

Tangu Februari 2024 ninafanya kazi ya kujitolea kila Jumamosi katika maktaba ya jamii iliyoko Kawempe. Hadi sasa nimeorodhesha vitabu 640 katika kompyuta. Msimamizi wa maktaba hiyo amekubali kuulizwa kunihusu; anwani yake imo katika wasifu nilioambatisha.

Ninaweza kufika kwa mahojiano siku yo yote ya kazi.

Wako mwaminifu,
(jina kamili na namba ya simu)"

Angalia jinsi njeo zilivyogawana kazi. Kwa mazoea ya wakati uliopita tumetumia "nilikuwa nikipokea", ambapo -ki- yaonyesha tendo lililorudiwa na nafsi imebaki mahali pake katika kila hatua, isipokuwa ile ya mwisho, "na kuilinganisha", inayoegemea nafsi ya vitenzi vilivyotangulia karibu yake. Kwa tukio la mara moja tumetumia -li-, na -ka- ikafuata kwa tendo lililotokana nalo: "akayaleta". Hali timilifu haikufukuzwa. Imewekwa pale inapostahili, katika "nimeorodhesha vitabu 640", kwa sababu orodha hiyo ipo na yaweza kuonwa leo. "Ninafanya" yaeleza kazi ambayo bado inaendelea, na "tangu" ndiyo inayoipa mwanzo wake.

Kanusho moja tu kuhusu mwombaji mwenyewe limebaki: "Sikuwa na mamlaka ya kuidhinisha malipo." Baadhi ya walimu watataka kulifuta. Sisi tungeliacha. Kanusho la jumla, kama lile la rasimu, lilizima kila kitu. Hili lina mpaka, na kwa kuutaja mpaka huo linafanya yaliyotangulia yaaminike. Pia linamkinga mwombaji na swali gumu siku ya mahojiano. Hatari iliyo kinyume cha kusaidia ni kujikweza: mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kutaja nafsi yake ataandika "niliendesha biashara ya familia", na mama yake akiwa ndiye mwenye leseni na funguo.

Kuhusu wa kuulizwa, ndugu hawafai, hata kama ndio waliomwona mwombaji akifanya kazi zaidi ya wengine wote. Ndiyo sababu kazi ya kujitolea, ijapokuwa ni ya saa chache kwa wiki, imepewa aya yake.

Mazoezi

1. Katika kila sentensi, pigia mstari kitenzi chenye nafsi na njeo, kisha utaje kitenzi kinachobeba kazi yenyewe. Je, ni kimoja?
(a) Nimekuwa nikisaidia kuchomelea mageti katika karakana ya baba huko Katwe.
(b) Tulijitolea kwenda kusafisha mitaro ya mtaa.
(c) Nguo hushonwa na kupelekwa kwa wateja kila Ijumaa.

2. Kwa kila sentensi ya zoezi la 1, andika maswali matatu ambayo ungemuuliza mwanafunzi kabla ya kumruhusu aiandike upya. Usibuni majibu.

3. Fanyeni kazi wawili wawili. Mmoja amhoji mwenzake kuhusu kazi aliyoifanya nyumbani kwao bila malipo, kisha aandike aya moja ya sentensi zisizozidi tano, akitumia -li-, -ki- na -me- angalau mara moja kila kimoja. Mhojiwa aisome na kukata kila kitenzi kinachodai zaidi ya alichokifanya.