Usibonyeze Nyota Unazosomewa: Safari ya Simu Ndani ya Mtandao na Mahali Inapotekwa

Kijitabu hiki kimetoka kwa sababu ya malalamiko ya aina moja ambayo hayaishi kuletwa mezani kwetu. Mtu anasema simu yake ina chaji, mtandao unasoma vizuri, yeye akipiga anaongea na ujumbe mfupi anaupata. Lakini ndugu zake wakimpigia, anapokea mtu wasiyemjua. Wengine hufika wakiwa wameshanunua simu mpya wakidhani ile ya zamani imeharibika, na hiyo mpya nayo inafanya vilevile. Simu haijaharibika. Kilichobadilika ni maelezo mafupi ndani ya mitambo ya mtoa huduma, na aliyeyabadilisha ni mwenye laini mwenyewe, kwa kubonyeza alama alizosomewa na tapeli.

Onyo letu ni hili: usibonyeze alama zozote za nyota na reli unazosomewa na mtu aliyekupigia, hata akikutajia jina lako kamili. Anayetaka kujua kwa nini tunalishikilia onyo hili hivi, aufuate mwendo wa simu moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mtandao unajuaje uko wapi

Mama yuko Songea. Binti yake amepanda basi asubuhi Morogoro kwenda Tanga. Wote wawili wanatumia mtoa huduma mmoja.

Watu wengi huamini kwamba namba ya simu imo ndani ya laini. Sivyo. Laini hujitambulisha kwa namba nyingine ya tarakimu 15 ambayo wewe huioni. Tarakimu tatu za kwanza ni za nchi, na kwa Tanzania ni 640. Zinazofuata ni za mtoa huduma, na zilizobaki ni zako peke yako. Kinachoiunganisha namba hiyo ya siri na ile unayowapa watu ni rejista kubwa ya mtoa huduma, ambayo mafundi huiita HLR na sisi humu tutaiita rejista mama. Kila mteja ana ukurasa wake humo, unaoonyesha namba zake zote mbili, huduma anazoruhusiwa, mahali alipoonekana mara ya mwisho, na maagizo aliyoyaacha kuhusu simu zinazomwingilia. Hayo maagizo ndiyo kiini cha kijitabu hiki.

Basi linapopita Chalinze kwenda Segera na Muheza, simu ya binti inasikiliza minara bila yeye kujua. Minara imepangwa katika maeneo, na kila mnara hutangaza jina la eneo lake. Simu ikisikia jina jipya, inajitambulisha kwa mtambo unaosimamia eneo hilo. Mtambo huo una rejista yake ya wageni, mfano wa kile kitabu cha gesti ambacho mgeni huandikwa akifika. Mtambo unaijaribu laini kwanza kwa kuipa hesabu ambayo laini halisi pekee ndiyo inayoweza kuijibu, kwa kutumia ufunguo uliofichwa ndani yake. Jibu likiwa sahihi, mtambo unatuma taarifa kwenye rejista mama kwamba mteja huyu sasa yuko kwake. Rejista mama inaandika mahali papya, inaurudishia mtambo nakala ya ruhusa na maagizo ya mteja, kisha inauambia mtambo wa zamani umfute.

Rejista mama haijui binti yuko kijiji gani wala kiti gani. Inajua tu ni mtambo gani unaomhudumia. Eneo lenye minara yake linajulikana na mtambo huo.

Mama anapiga

Mama anabonyeza namba ya binti yake. Mtambo wa upande wa Songea unahakikisha laini ya mama ina ruhusa ya kupiga na ina salio, kisha unaisoma namba iliyopigwa. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu mahali alipo mwenye nayo, kwa hiyo mtambo unauliza rejista mama: simu ya namba hii niipeleke wapi?

Tafadhali soma sehemu hii taratibu. Kabla rejista mama haijamtafuta binti, inatazama kwanza kama ameacha agizo la kuelekeza simu zake zote kwingine. Kama agizo lipo, rejista inajibu kwa kutoa namba iliyoandikwa kwenye agizo, na kazi yake imeisha. Haiulizi mtambo wa Tanga wala haipigi mnara wowote. Simu ya binti haitaita hata mara moja, na hakutakuwa na simu ambayo haikupokelewa kwenye orodha yake, kwa sababu simu hiyo haikufika kwake kabisa.

Kama hakuna agizo, rejista mama inauomba mtambo wa upande wa Tanga namba ya muda. Mtambo unachukua moja kutoka kwenye fungu la namba zilizotengewa kazi hiyo, unaiandika pembeni ya jina la binti na kuirudisha. Rejista mama inaipeleka kwa mtambo wa Songea, ambao sasa unafungua njia ya sauti hadi mtambo wa Tanga kwa kutumia namba hiyo. Simu ikishafika, namba ya muda inaachiwa ili mteja mwingine aitumie. Mtambo wa Tanga unaita kupitia minara yote ya eneo alimo binti kwa pamoja, simu yake inaitika, inapewa nafasi ya mawasiliano kwenye mnara mmoja na kuanza kuita. Hapo ndipo mama anasikia mlio wa kuita. Binti akipokea, saa ya malipo inaanza kuhesabu. Yote hayo yamefanyika katika sekunde chache ambazo mama alikuwa amekaa kimya na simu sikioni.

Ukimya huo una habari ndani yake. Simu ikizimwa kwa kitufe, huaga mtandao kabla ya kuzimika, na rejista ya wageni huandika kwamba haipo. Anayepiga ataambiwa haraka kuwa mteja hapatikani. Simu ikichomolewa betri au ikiingia ghafla mahali pasipo na mtandao, haikuaga. Minara itaita bure kwa sekunde kadhaa kabla mtambo haujakata tamaa, kwa hiyo maneno yaleyale ya kutopatikana huja kwa kuchelewa.

Mahali simu inapotekwa

Maagizo ya kuelekeza simu ni ya aina nne. La kwanza huchukua simu zote, na ndilo linalosomwa kabla ya mengine. Matatu yaliyobaki hufanya kazi pale laini inapotumika, mteja asipopokea, au asipopatikana. Huduma hii ni halali, na wafanyabiashara wengi huitumia. Shida yetu ni jinsi ilivyo rahisi kuiwasha:

```
**21*namba#
**67*namba#
```

Alama za kwanza huelekeza simu zote kwenye namba iliyotajwa, na za pili huelekeza simu zinazokuja laini ikiwa inatumika. Umezoea alama za pesa kama *150*00#, ambazo hufungua menyu na kukudai namba ya siri. Hizi kwa kawaida hazifungui menyu wala haziombi namba ya siri. Ukibonyeza kitufe cha kupiga, agizo linaingia rejista mama papo hapo kwa jina lako.

Tapeli anayajua haya vizuri. Anapiga akisema, "Shikamoo mama, nakupigia kutoka huduma kwa wateja, laini yako inafungwa leo. Usikate, bonyeza ninavyokusomea." Wakati huohuo mwenzake anaingiza namba ya mama kwenye WhatsApp ya simu nyingine na kuomba namba ya kuthibitisha. Namba hiyo huja kwanza kwa ujumbe mfupi, na ujumbe mfupi hauelekezwi na maagizo haya. Kwa hiyo mwizi anachagua kusomewa namba kwa simu ya sauti. Kama iliyobonyezwa ni ile ya 67, mama anayeambiwa asikate anaifanya laini yake iwe inatumika, na simu ya uthibitisho inaenda moja kwa moja kwa mwizi. Baada ya dakika chache ndugu wanaanza kupokea maombi ya pesa kutoka akaunti ya mama.

India ilichukua hatua kali kwa ajili ya jambo hilihili. Idara yake ya mawasiliano iliagiza watoa huduma kusimamisha uelekezaji wa simu kwa njia ya alama kuanzia tarehe 15 Aprili 2024. Huduma hiyo inapoendelea kuwa wazi, kinga ya kwanza ni kidole chako. Tunarudia: usibonyeze alama unazosomewa na mtu aliyekupigia. Onyo hili tumelisema redioni, sokoni na shuleni, na tunajivunia kwamba waliotusikiliza hukata simu wanaposikia neno nyota. Wasiosikiliza ndio tunaowapokea wakilia.

Kagua sasa, kabla hujafunga kijitabu

```
*#21#
*#67#
##002#
```

Alama mbili za kwanza huuliza rejista maagizo yako yakoje, bila kubadilisha chochote. Ya tatu hufuta maagizo yote. Ukiona namba kwenye jibu, usishtuke kabla hujaitambua, kwa sababu inaweza kuwa ya huduma ya kuacha ujumbe wa sauti ya mtoa huduma wako. Ukiona namba ya mtu usiyemjua, futa mara moja. Kuzima simu hakufuti, kubadili simu hakufuti, na kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani hakufuti, kwa maana agizo haliko kwenye simu. Dalili nyingine ni salio linalopungua bila wewe kupiga, kwa sababu kipande cha simu kinachotoka kwako kwenda kwa tapeli hulipiwa na wewe uliyeelekeza.

Kwenye baadhi ya simu za 4G sauti hupita mitambo mipya na maagizo hutunzwa kwenye mtambo mwingine. Alama ni zilezile, lakini zikikataa, piga 100 uombe yafutwe. Ombi hupokelewa kutoka kwa aliyesajili laini. Laini za kampuni zina utaratibu wao, uliza dukani.

Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040. Bonyeza pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kama WhatsApp imeshachukuliwa, futa maagizo kwanza, ndipo uisajili upya namba yako. Namba ya tarakimu 6 itakuja kwa ujumbe mfupi, na ukiiingiza mwizi anatolewa papo hapo. Akiwa ameweka namba ya siri ya hatua ya pili usiyoijua, utasubiri siku 7 kabla hujaingia bila hiyo, lakini katika siku hizo naye hatakuwa ndani. Ukifanya kinyume, ukasajili upya huku agizo la kuelekeza bado lipo, mwizi ataomba tena namba kwa simu ya sauti na ataipata kama alivyoipata mwanzo.