Chai Inapomwagika Juu ya Kibodi
Namna ya kuchagua na kutunza kompyuta mpakato zinazotumiwa na wanafunzi wengi

Tuchukue darasa la wanafunzi 45 katika shule moja ya sekondari ya mwambao wa Ziwa Victoria, lenye kompyuta mpakato 15. Wanafunzi watatu huketi mbele ya kompyuta moja, na katika kipindi cha dakika 40 kila mmoja hupata kushika kibodi kwa dakika 13 hivi. Kompyuta tatu zikiharibika, muda huo hushuka na kuwa chini ya dakika 11. Anayepoteza zaidi ni mwanafunzi mpole anayeketi pembeni, kwa maana katika kugombea kibodi huyo ndiye anayeshindwa kwanza.

Kompyuta ya mtu mmoja huweza kufunguliwa mara mbili au tatu kwa siku. Ile ya shule, ikitumika vipindi sita kwa siku katika mwaka wa masomo wenye siku zipatazo 190, hufunguliwa na kufungwa zaidi ya mara 1,100, na kila mara kwa mkono tofauti. Kwa sababu hiyo swali la kumwuliza mwuzaji si kama kompyuta yake haiharibiki. Kila chombo huharibika. Swali ni sehemu gani itakayoharibika kwanza, na ni nani awezaye kuibadilisha. Makala haya yataeleza zaidi habari za kibodi, kwa kuwa humo ndimo fizikia na kemia ya darasani inapoonekana waziwazi.

Chini ya vibonye vya kibodi ya kawaida mna tabaka tatu za plastiki nyembamba. Tabaka ya juu na ya chini zimechorwa njia za kupitisha umeme, na ile ya kati ina matundu. Kidole kinapobonyeza, njia za juu hugusana na za chini kupitia tundu, na kompyuta hutambua herufi iliyoguswa. Chini ya tabaka hizo pana bamba la chuma au plastiki, na chini yake, umbali wa milimita chache tu, ipo bodi kuu yenye saketi zote muhimu. Kimiminiko kikimwagika huteremka kwa uzito wake kupitia nafasi zilizo kati ya vibonye. Kikifika kwenye bodi kuu, huanza kazi ambayo mwanafunzi wa kemia anaijua: elektrolisisi.

Maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo mno. Sukari peke yake nayo haipitishi. Lakini chai ya maziwa ina chumvichumvi zilizoyeyuka, na betri ya kompyuta mpakato hutoa volti kati ya 7 na 16. Mahali palipo na tone la chai kati ya njia mbili za shaba, moja ikiwa chanya na nyingine hasi, atomi za shaba za upande chanya hupoteza elektroni mbili kila moja na kuyeyuka zikiwa ayoni.

Na tufanye hesabu. Tuseme mkondo unaovuja kupitia tone hilo ni mili-ampea 1, na njia ya shaba iliyo wazi ina urefu wa milimita 10, upana wa milimita 0.15 na unene wa milimita 0.035. Ujazo wake ni milimita za ujazo 0.0525. Kwa kuwa milimita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa miligramu 8.9, njia hiyo yote ina shaba ya miligramu 0.47 tu. Mkondo wa mili-ampea 1 hupitisha kulombu 3.6 kwa saa moja. Kuyeyusha moli moja ya shaba, yaani gramu 63.5, kwahitaji kulombu 193,000. Basi kwa saa moja shaba itakayoyeyuka ni:

```
3.6 x 63.5 / 193000 = 0.00118 g = 1.18 mg
```

Njia yetu yenye miligramu 0.47 itakatika kwa muda wa dakika 24 hivi.

Hesabu hii imerahisishwa. Sehemu kubwa ya bodi imepakwa rangi ngumu inayozuia maji, hivyo mahali panapoliwa ni pale palipo wazi: miguu ya vipuri, lehemu na viunganishi. Tena si umeme wote unaotumika kuyeyusha shaba. Hata hivyo inatuonyesha kwamba uharibifu hupimwa kwa dakika na saa. Inatuonyesha pia kwa nini kuizima kompyuta hakutoshi: betri ingali imeunganishwa, na baadhi ya njia hubaki na umeme hata skrini ikiwa giza. Ndiyo maana kompyuta huweza kumwagikiwa Jumatatu, ikakaushwa juani, ikawaka Jumanne, kisha ikafa Ijumaa. Fundi akiifungua hukuta ukungu wa kijani au mweupe kando ya viunganishi. Ukungu huo ndio shaba iliyoyeyuka, na sukari iliyobaki huendelea kuvuta unyevu wa hewa.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili maabarani. Tumbukiza ncha za waya mbili safi za shaba katika glasi ya chai ya maziwa iliyotiwa chumvi kidogo, zisigusane, kisha unganisha na betri tatu kavu zilizopangwa mfululizo. Baada ya nusu saa, waya wa upande hasi utakuwa umetoa viputo, na ule wa upande chanya utakuwa umefifia na kuliwa.

Sasa twaweza kuelewa maana ya kibodi inayostahimili maji. Chini ya tabaka zake huwekwa sinia lenye kingo, na sinia hilo huwa na mifereji inayoelekea kwenye matundu yaliyotobolewa mpaka chini ya kompyuta. Kimiminiko hukusanywa, hupita kando ya bodi kuu na kutokea mezani. Ukiigeuza kompyuta ya namna hiyo, mara nyingi utayaona matundu yenyewe. Watengenezaji kadhaa wa kompyuta za shule hutaja kiasi cha mililita 330, yaani pungufu kidogo ya chupa ya soda ya mililita 350.

Lakini ahadi hiyo ina mipaka. Majaribio hayo kwa kawaida hufanywa kwa maji, kompyuta ikiwa imelala sawasawa juu ya meza. Ikiinamishwa, mifereji huweza kumwaga maji pasipotakiwa. Haizihusu tundu za ubavuni wala skrini. Kubwa zaidi ni kwamba sinia huikinga bodi kuu, haiikingi kibodi yenyewe. Chai ya sukari ikishaingia kati ya zile tabaka tatu, baadhi ya vibonye vitanata au kunyamaza. Mtengenezaji ameitoa kibodi kuwa kafara ili bodi kuu ipone, na mimi naona amefanya vyema, mradi kibodi hiyo yaweza kubadilishwa.

Wengine watasema kwamba chai hairuhusiwi katika chumba cha kompyuta. Ni kweli, lakini chupa za maji huingia mikobani, na msimu wa mvua bati linalovuja halisomi kanuni za shule.

Ajali ikitokea, kwanza chomoa waya wa chaja ukutani. Pili, bonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia mpaka kompyuta izime. Tatu, igeuze juu chini, ikae mezani kama paa la nyumba, kibodi ikitazama chini; usiitikise, maana utakisambaza kimiminiko. Nne, toa betri. Ikiwa betri imefungiwa ndani, fungua skrubu za mfuniko wa chini na uchomoe kiunganishi chake mara moja, bila kungoja kesho. Ikiwa ni maji matupu, iache ikauke siku mbili mahali penye hewa. Ikiwa ni chai au soda, palipoloa pafutwe kwa maji yaliyokenekwa, yale ya maabara ya kemia, kisha kwa spiriti safi, ndipo pakaushwe. Kuifukia kompyuta ndani ya mchele, kama watu wapendavyo kufanya, hakuondoi sukari wala chumvi, na huacha vumbi.

Tuseme kompyuta imepona lakini vibonye sita havifanyi kazi, na shule iko Ukerewe. Sengerema sasa hufikika kutoka Mwanza kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, bali kati ya Mwanza na Nansio kungali na safari ya meli ya saa kadhaa. Kompyuta ikipelekwa mjini kwa fundi, hukosekana wiki mbili au zaidi kwa ajili ya kipuri ambacho mwalimu angeweza kukiweka mwenyewe. Katika kompyuta nyingine kibodi hushikwa kwa skrubu chache na utepe mmoja wa waya wenye kufuli dogo la plastiki. Kazi ya kuibadilisha haizidi nusu saa. Katika nyingine kibodi imebanwa kwa vijiti vya plastiki vilivyoyeyushwa, nayo haitoki mpaka ununue mfuniko mzima wa juu na kuvua karibu kila kitu kilichomo. Kwa nje kompyuta hizo mbili hazina tofauti.

Jirani zetu wa Rwanda, ambao maji yao hutufikia kwa Mto Kagera, walinunua zaidi ya kompyuta 200,000 za aina ya XO kwa shule za msingi, katika mpango ulioanza mwaka 2008. Kibodi ya XO ilifunikwa kwa kipande kimoja cha mpira, kwa hiyo maji na vumbi vilikosa pa kuingilia. Haikuwa na feni wala diski ya kuzunguka, na ndani ya mpini wake ziliwekwa skrubu za akiba. Hata hivyo, katika nchi mbalimbali zilizoitumia ilionekana kwamba mpira huo huchanika kwa vidole vya watoto, na baadaye likatolewa toleo la wanafunzi wakubwa lenye vibonye vya kawaida. Maji yalizuiwa, kucha hazikuzuilika. Kukosa feni ni jambo la kuangaliwa hata kwetu, kwa sababu wale wadudu wa ziwani watokao kama moshi siku chache baada ya mwezi kuandama hufuata taa za madarasa usiku, na feni huwavuta ndani.

Kuhusu kasha gumu, kinachookoa si ugumu bali umbali wa kusimama. Kompyuta ikianguka kutoka meza ya sentimita 75 na kusimama ndani ya milimita 1 ya plastiki, hupata msukosuko wa wastani ulio mara 750 ya mvutano wa dunia. Ikiwa na kingo za mpira zinazobonyea milimita 4, hupungua kuwa mara 190 hivi. Mwuzaji akikutajia kipimo cha kijeshi cha MIL-STD-810, uliza jaribio lipi lilifanywa. Jaribio lake la kuangusha mara 26 kutoka sentimita 122 laruhusu maanguko hayo yagawanywe kati ya vyombo vitano, hivyo si lazima chombo kimoja kiwe kimeyavumilia yote.

Sehemu nyingine ichakaayo mapema ni tundu la chaja. Likiwa limelehemiwa kwenye bodi kuu, kulegea kwake hudai fundi hodari. Likiwa kwenye waya au kibodi kidogo cha pembeni, hubadilishwa kwa bisibisi. Kabla ya kununua, mwombe mwuzaji aitoe betri, kibodi na tundu la chaja mbele yako na kuvirudisha, nawe ukiwa na saa mkononi. Hesabu aina za skrubu alizokutana nazo. Kisha uliza bei ya kila kimoja kati ya vitu hivyo vitatu, na kama kipo dukani Mwanza siku hiyo. Kwa kompyuta 15 za namna moja, kibodi mbili, betri moja, chaja mbili na tundu moja la akiba huenea ndani ya sanduku la viatu katika kabati la maabara.