Kupima Chumvi kwa Haidromita

Huko Ivuna, mkoani Songwe, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa karne nyingi. Mwanafunzi wa Itumba akiletewa chupa ya maji hayo, aweza kukadiria chumvi iliyomo bila ya kuyachemsha.

Kwanza atayarishe miyeyusho ya chumvi safi: gramu 5 za chumvi katika gramu 95 za maji, kisha 10 katika 90, na 15 katika 85. Katika nyuzi 20 za Selsiasi, haidromita itaonyesha karibu 1.034, 1.071 na 1.109. Vipimo hivyo vichorwe katika grafu na kuunganishwa kwa mstari. Tuseme maji ya chupa yameonyesha 1.056: grafu yatoa asilimia 8.

Lakini yakipimwa yangali na nyuzi 30, haidromita itazama zaidi na kuonyesha karibu 1.052, na jibu litashuka hadi asilimia 7 na nusu. Kwa hiyo maji yote yapimwe katika joto moja.

Tena, haidromita haibagui. Magadi yaliyoyeyuka humo nayo huongeza uzito wa maji. Hivyo ile asilimia 8 si lazima iwe chumvi ya kula peke yake.