Mtoto anapumua mbio: hesabu dakika nzima

SWALI: Daktari, mwanangu ana miezi 9, anakohoa siku ya tatu sasa. Bibi yake anasema anapumua mbio. Nimehesabu jana jioni nikapata 58, leo asubuhi nikapata 46. Nifuate ipi? – Mama, Didia, Shinyanga

JIBU: Mama, ile 58 ulihesabu mtoto akiwa katika hali gani? Kama alikuwa analia, ananyonya au ametoka kuhangaika, haitufai, maana kilio peke yake hupandisha pumzi. Hesabu inayofaa ni ya mtoto aliyetulia, na usingizini ndiyo rahisi zaidi. Mpakate, pandisha fulana mpaka uone tumbo na mbavu za chini. Pua ikiwa imeziba, ifute kwanza usubiri kidogo. Bibi ashike simu inayoonyesha sekunde, aseme "anza" na "acha"; wewe macho yabaki tumboni. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja.

Hesabu sekunde 60 kamili. Wengi huhesabu 15 wakazidisha kwa nne, lakini watoto wadogo hupumua haraka kidogo kisha taratibu, na wachanga husita kabisa kwa sekunde chache. Ukikosea pumzi mbili tu katika robo dakika, jibu lako limepotoka kwa nane.

Kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni mbio. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40 au zaidi. Kwa hiyo 46 ya mwanao, kama alikuwa ametulia, haijafika mpaka wake. Mtoto wa jirani mwenye mwaka na nusu akipata 46 hiyohiyo, huku anakohoa, huenda ana nimonia na apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Mchanga wa chini ya miezi 2 mpaka wake ni 60: ukiipata, rudia, na ikijirudia mpeleke haraka.

Homa nayo huongeza kasi. Lakini usiseme "ni homa tu" ukabaki nyumbani, hasa kwetu huku ambako malaria ipo: apimwe malaria na kifua kichunguzwe pia.

Namba isikufiche mengine. Fulana ikiwa juu, tazama chini ya mbavu. Anapovuta hewa, sehemu ile ikizama ndani badala ya kutanuka, mpeleke hata kama umepata 40. Vilevile akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke, au midomo ikigeuka bluu. Mtoto aliyechoka sana pumzi zake hupungua, mama akadhani amepata nafuu. Akipungua kasi huku amelegea, hali imezidi.

Leo mhesabu tena jioni, na kesho asubuhi, akiwa ametulia. Ikifika 50, usingoje dawa ya kikohozi ya dukani ifanye kazi. Nenda zahanati, na mwambie mhudumu namba uliyoipata na saa uliyohesabu.