Nyama ya rangi ya kahawa: tuinuse mbele ya kuitupa

Katika soko za Kolwezi tunaonaka jambo hili mara mingi: nyama ya ng'ombe iliyokatwa asubuhi ilikuwa nyekundu, mangaribi imegeuka rangi ya kahawa. Mteja anasema, «Imeoza.» Muuzaji anashusha bei bure.

Rangi ile inatoka kwa mioglobini, protini ya misuli yenye chuma ndani yake. Nyama ikikatwa tu, ndani ni zambarau. Ikipata hewa karibu nusu saa, inakuwa nyekundu. Ikikawia, chuma kile kinabadilika, karibu kama kutu kwenye jembe, na nyama inakuwa ya kahawa. Hapo haijaoza bado.

Basi tunuse, tuguse. Ikinuka vibaya ao ikiteleza na kunata vidole, tuitupe, hata kama ni nyekundu. Kupika hakumalizi sumu zote.

Jikoni pia rangi inadanganya. Nyama ya kusaga iliyokwisha kugeuka ya kahawa inaonekana imeiva mbele ya ndani kufika digrii 71. Bila kipimajoto, tuvunje madonge yote, tuache mchuzi utokote vizuri, dakika kumi hivi.