Mpira Uliotobolewa na Mgunga Haujafa

Katika stoo nyingi za michezo za Ukambani, kuanzia Kalamba upande wa Makueni hadi ng'ambo ya mto Athi kule Kitui, pembeni huwa kuna gunia la mipira iliyokwisha pumzi. Mwalimu wa michezo huiita mibovu, wanafunzi huiita mifu, na kila muhula hutafutwa pesa za kununua mingine. Nimezoea kuyamwaga magunia hayo sakafuni na kuipanga mipira mmoja baada ya mwingine. Mingi ngozi yake bado nzima. Kilichoiua ni tundu dogo kwenye blada, ule mfuko wa ndani unaoshika hewa, na aliyelitoboa ni mgunga.

Mgunga hauhitaji kuwa ndani ya uwanja. Tawi kavu hupeperushwa, mbuzi huburura mengine, na mwiba mmoja hulala mchangani ukingoja mpira ubingirike. Mchezaji akiuona huuchomoa, hutupa, mchezo ukaendelea. Kumbe kilichochomoka ni nusu ya nyuma. Ncha imebaki ndani ya kitambaa kilichogandishwa nyuma ya ngozi, na kila mpira unapopigwa teke, ncha ile huichoma blada upya. Ndiyo maana mpira mmoja huzibwa Jumatatu, ukarudi umenywea Alhamisi, na fundi akalaumiwa bure.

Basi kabla ya kuziba chochote, jaza mpira kiasi, uzamishe katika karai la maji, uugeuze polepole. Anzia kwenye vali. Mapovu yakitoka hapo, huenda hakuna tundu lolote. Vali imekauka tu. Ipake matone mawili ya glisarini, ile ile inayouzwa dukani ya kupaka mwilini, ingiza sindano na kuitoa mara chache, kisha uache mpira usiku kucha. Usitumie mafuta ya mgando wala ya kupikia, kwa sababu hulegeza mpira wa vali na wa blada ukawa kama utelezi.

Mapovu yakitoka kwenye mshono, hapo wengi hupotea. Mtu huweka alama penye mapovu, akapaka gundi juu ya ngozi, akajiona amemaliza. Lakini hewa ikishatoka kwenye blada husafiri kati ya blada na ngozi mpaka ikute tundu la uzi lililolegea. Panapotoka mapovu ni mlango wa kutokea tu. Tundu lenyewe laweza kuwa upande wa pili kabisa, na gundi ya juu haitalifikia kamwe.

Kwa hiyo mpira hufunguliwa, na kazi hii ni ya mpira ulioshonwa kwa mkono. Utautambua kwa kuusukuma mshono kwa vidole gumba viwili: vipande vikiachana kidogo na uzi ukaonekana, unashonika. Vikiwa vimegandishwa kwa joto bila uzi wowote, mpira huo haufunguki kwa mshono, na ni vyema kulijua hilo siku ya kununua. Ndiyo sababu naipenda mipira ya Alive & Kicking, shirika lililoanzia Nairobi mwaka 2004 kushona mipira kwa mikono kwa ajili ya viwanja vigumu vya huku kwetu. Fundi wa viatu aliyeshika sindano maisha yake yote huuelewa mpira wa namna hiyo bila kufundishwa.

Toa hewa yote. Chagua mshono ulio mbali na vali, kwa maana blada imegandishwa hapo na hutaki kuibandua. Kata uzi kwa wembe, sentimita nane hadi kumi, ukifuata kona ya kipande kimoja ili mdomo ufunguke vizuri. Vuta blada nje taratibu, ijaze hewa kidogo tu, uizamishe. Sasa mapovu yanasema kweli. Zungushia tundu alama ya kalamu, futa maji, acha ikauke kabisa.

Yaliyobaki anayajua kila fundi wa baiskeli: sugua kwa msasa eneo pana kuliko kiraka, paka solusheni safu nyembamba, kwenye blada na kwenye kiraka, kisha ngoja dakika tano mpaka mng'ao upotee. Ukibandika solusheni ikiwa bado majimaji, kiraka kitateleza na kung'oka. Kiraka cha tyubu ya baiskeli kinatosha, kona zake zikatwe mviringo ili zisiinuke. Blada ikikauka, ipake poda ya mtoto ili isinatane na ngozi.

Wakati solusheni inakauka, ndipo unapomtafuta mwenye makosa. Ingiza vidole viwili kwenye ule mdomo na upapase ngozi kwa ndani, polepole, kipande kwa kipande. Mpira mmoja wa netiboli niliosaidiana kuufungua na fundi mmoja wa soko la Kalamba ulikuwa umezibwa mara kadhaa, viraka vyote vikiwa eneo moja la kadiri ya kiganja. Fundi alipapasa, akasimama, akasema, "Mwalimu, leta koleo." Ncha ya mwiba haikuzidi urefu wa punje ya mchele, nayo ilikuwa imesimama wima kwenye kitambaa. Ilipotoka, viraka vya zamani tuliviacha kama vilivyokuwa kwa sababu havikuwa na kosa.

Kushona nako kuna namna yake. Uzi uwe wa nailoni au poliesta, uliovutwa juu ya nta ya nyuki, ambayo Kibwezi na Kitui hazikosi. Sindano mbili hupita katika tundu moja zikielekea pande tofauti, na matundu yawe yale yale ya zamani, kwani tundu jipya huzidhoofisha kingo. Kati ya mshono na blada weka kipande cha plastiki ya jeri, usije ukatoboa ulichokiziba. Acha mishono yote ikiwa imelegea hadi mwisho, kisha ikaze mmoja mmoja kuanzia ulikoanzia. Vipande vitajikunja ndani na uzi utazama. Fundo la mwisho lisukume ndani kwa ncha ya sindano.

Baada ya mwiba, adui wa pili ni hewa yenyewe. Mpira wa miguu wa saizi ya 5 unaruhusiwa shinikizo la takriban PSI 8.5 hadi 15.6, nafasi pana sana. Voliboli ni PSI 4.3 hadi 4.6 tu. Mwalimu anayebonyeza yote kwa kidole gumba akitaka iwe migumu sawasawa huwa ameipa voliboli mara mbili au tatu ya haki yake, na baada ya majuma machache inavimba upande mmoja na kuyumba hewani. Ikishafika hapo hairudi. Kipimo huandikwa karibu na vali ya mipira mingi, ila maandishi hufutika mapema, kwa hiyo yanakilini kwenye daftari la stoo siku mpira unaponunuliwa.

Pampu nyingi za shule hazina geji, na geji ya fundi wa matairi ya bodaboda imetengenezwa kwa shinikizo kubwa, haiaminiki ikisoma 4 au 5. Azima geji ndogo siku moja tu. Jaza kila aina ya mpira kwa kipimo chake, iangushe kutoka kimo kile kile juu ya saruji, tuseme usawa wa linta ya mlango, na uchore ukutani mstari unapofika mdundo. Tangu siku hiyo ukuta ndio geji yenu. Usitumie kompresa ya gereji: hujaza haraka kuliko mkono wako unavyoweza kuachia. Sindano nayo iloweshwe na iingie wima. Ikiingia kavu na kwa mshazari hupasua vali au hukatikia ndani.

Jua huongeza hewa bila pampu. Mpira uliojazwa PSI 12 alfajiri kwenye baridi ya nyuzi 20, ukiachwa mchangani mchana hadi ngozi yake ifike nyuzi 50, hupanda hadi karibu 14 na nusu, na mshono ndio unaobeba nyongeza hiyo. Stoo ya mabati nayo si salama sana karibu na paa. Mipira ikae kwenye rafu ya chini, juu ya mbao na si juu ya saruji tupu, na wakati wa likizo itolewe nusu ya hewa. Isitolewe yote, maana blada iliyokunjwa miezi miwili hupasuka penye mkunjo. Ikiloa mvua za Novemba, ifutwe na kukaushwa kivulini, mbali na jiko.

Nyavu za nailoni huuawa na jua lile lile. Lijaribu jicho moja la wavu uliokaa nje mwaka mzima: lisokote kati ya vidole. Likitoa unga, wavu wote umekwisha na kuushona ni kupoteza uzi. Wavu wa voliboli ukishushwa kila jioni huishi miaka mingi zaidi ya ule unaoachwa kwenye nguzo, na kushusha ni kazi ya dakika tatu. Usiukunje ukaurundika, uviringishe kwenye fimbo, kamba za pembeni zikiwa juu.

Tundu la wavu halizibwi kwa kukusanya nyuzi na kufunga fundo moja kubwa, kwa kuwa macho ya jirani huvutwa na kukatika. Wavuvi wa pwani hufanya jambo linaloonekana la kinyume: hukata kwanza, tundu likawa kubwa zaidi. Huacha fundo moja la juu na moja la chini yakiwa na nyuzi tatu kila moja, na mafundo yote ya kati yabaki na nyuzi mbili. Kisha huanza kufuma kwenye lile la juu na kushuka safu kwa safu hadi la chini, na jicho la mwisho hukutana lenyewe. Kwa voliboli, ambayo macho yake ni sentimita 10, kata kibao cha upana wa sentimita 10 uwe unazungushia uzi kila unapofunga, ili macho yatoke sawa. Katani ni nyingi Ukambani na inavutia mkono, ila huoza ikiloa na ni nzito kuliko nailoni. Itumie kwa kamba za kufungia tu.

Magodoro ya mazoezi nayo yana kanuni moja kubwa: yabebwe na watu wanne, yasiburutwe. Kuburuta hutoboa turubai la chini mahali pasipoonekana, maji huingia kwenye sponji, na harufu ya ukungu ndiyo taarifa ya kwanza mtakayoipata. Godoro likifikia hapo, fungua zipu au mshono, toa sponji, isimamishe kivulini penye upepo hadi katikati yake ikauke, ambayo ni siku kadhaa na si alasiri moja. Turubai lizibwe kwa kiraka cha turubai la lori na gundi, kwa ndani na kwa nje. Kisha bonyeza sponji kwa goti, sehemu kwa sehemu. Palipozama pasiinuke hapafai kumpokea mtoto anayeruka. Kata sehemu hiyo, na vipande vizima viunganishwe kuwa godoro dogo la kubiringika, si la kurukia.